C-peptaidi yangu ni "ya kawaida" lakini GAD iko juu sana: je, kisukari changu ni cha aina gani?

Zuhura_K

Salaam kwenu wanajukwaa. Naomba msaada wa kuelewa majibu ya maabara, kwa kuwa madaktari wawili wameyasoma tofauti.

Nina umri wa miaka 41. Mwaka mmoja na nusu uliopita niliambiwa nina kisukari cha aina ya pili, nikaanzishiwa metformini na baadaye nikaongezewa glimepiridi. Mwanzoni sukari ilitulia, lakini miezi ya karibuni imekuwa ikipanda ingawa sijabadilisha namna ninavyokula wala kuruka dozi, na nimepungua kilo saba bila kukusudia. Sijawahi kuwa mnene. Pia ninatumia levothairoksini kwa sababu tezi yangu ya thairoidi ilipungua nguvu miaka kadhaa iliyopita.

Damu ilichukuliwa asubuhi kabla sijala chochote. Majibu ni haya: C-peptaidi 1.2 ng/mL, na maabara imeandika kwamba kiwango cha kawaida ni 1.1 hadi 4.4. Glukosi ya damu hiyo hiyo ilikuwa 11.8 mmol/L. HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, ni asilimia 9.4. Kingamwili dhidi ya GAD ni 180, na maabara inahesabu kuwa hasi chochote kilicho chini ya 5.

Daktari wa kwanza alisema kuwa C-peptaidi iko ndani ya kiwango, kwa hiyo ni aina ya pili na dawa ziongezwe. Wa pili alitazama GAD, akasema huonyesha kwamba kinga ya mwili inashambulia kongosho, kwa hiyo ni aina ya kwanza. Nimfuate yupi?

Hekima_Tele

Dada Zuhura, pole. Kwa ninavyofahamu, C-peptaidi ndiyo inayoonyesha kama kongosho linatengeneza insulini. Mwenye aina ya kwanza hana insulini kabisa, na kwa kawaida huugua ghafla akiwa mtoto au kijana. Wewe una miaka 41, umekaa zaidi ya mwaka kwa vidonge peke yake, na C-peptaidi yako haijashuka chini ya kiwango. Mimi ningekwenda na daktari wa kwanza.

Dkt_Mlezi

Ndugu Hekima_Tele yuko sahihi kwamba C-peptaidi huonyesha kiasi cha insulini ambacho kongosho lenyewe linatoa. Seli beta za kongosho hutengeneza kwanza molekuli moja ndefu, kisha huikata, na kila insulini moja inapotoka, C-peptaidi moja hutoka pamoja nayo. Tunaipima hiyo badala ya insulini kwa sababu ini hunyakua sehemu kubwa ya insulini kabla haijasambaa mwilini, na iliyobaki hudumu dakika chache tu katika damu, wakati C-peptaidi hudumu karibu nusu saa. Tena insulini ya sindano haina C-peptaidi, kwa hiyo kipimo hakichanganyi ya mgonjwa na ya kichupa.

Tatizo liko kwenye neno "kawaida". Kile kiwango cha 1.1 hadi 4.4 kimepatikana kwa watu wasio na kisukari, waliofunga, ambao sukari yao ilikuwa karibu 5. Kongosho la mtu wa namna hiyo limepumzika. Kongosho la Zuhura lilikuwa linakabiliwa na glukosi ya 11.8, tena likiwa linasukumwa na glimepiridi, ambayo kazi yake ni kulilazimisha litoe insulini zaidi. Katika hali hiyo, kongosho zima lingetoa C-peptaidi nyingi mno. Kutoa 1.2 tu ni dalili kwamba limefika karibu na mwisho wa uwezo wake. Maabara haikukosea, ila haikuandika nyota pembeni ya jibu kwa sababu mashine haijui kwamba mwenye damu ana kisukari. Ndiyo maana C-peptaidi isiyosomwa pamoja na glukosi ya wakati ule ule hainiambii mengi.

Sasa tugeuze vizio, kwa maana miongozo mingi hutumia pikomoli. Nanogramu moja kwa mililita ni takriban pikomoli 331 kwa lita, kwa hivyo 1.2 ni kama 397. Makubaliano ya wataalamu wa Marekani na Ulaya ya mwaka 2021 kuhusu aina ya kwanza kwa watu wazima yanasema hivi: kwa mtu anayetumia insulini ambaye amekaa na ugonjwa zaidi ya miaka mitatu, C-peptaidi iliyo chini ya 200 inaelekeza aina ya kwanza, iliyo juu ya 600 inaelekeza aina ya pili, na iliyo katikati haiamui.

Naomba msisitizo uwekwe kwenye miaka mitatu. Mtu mzima mwenye aina ya kwanza anaweza kuanza ugonjwa akiwa na akiba nzuri ya seli beta, akatoa C-peptaidi ya 600 au zaidi, kisha ikapungua polepole. Zuhura ana mwaka mmoja na nusu. Kwake, C-peptaidi inajibu swali la akiba iliyobaki, na swali la chanzo cha ugonjwa linabaki kwa kingamwili pamoja na historia yake. Madaktari wake wawili wamejibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja.

Baraka_wa_Mlimani

Nashukuru kwa mada hii. Mimi nilipimwa C mwezi uliopita na ikawa 3. Je, ina maana kongosho langu ni zima? Sina kisukari, nilikuwa na homa tu.

Fundi_Maabara

Ndugu Baraka, bila shaka ulichopimwa ni CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Haihusiani na kongosho kwa namna tunayoizungumzia hapa. Herufi C imetuletea mkanganyiko huu mara nyingi pale dirishani.

Dada Zuhura, nina maswali mawili kabla hatujaitegemea sana hiyo 1.2. La kwanza: damu ilichukuliwa kwenye kichupa cha aina gani, na ilikaa muda gani kabla ya kufika maabara? C-peptaidi katika seramu huharibika ikiachwa katika joto la chumba, na jibu hushuka. Katika kichupa chenye EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau, huhimili kama saa 24. Ikiwa ilikuwa seramu iliyosafirishwa bila barafu hadi mchana, basi sehemu ya upungufu huenda ilitokea njiani.

La pili: je, unatumia vidonge vya nywele na kucha? Vingi vina bayotini kwa wingi. Mashine nyingi hukamata C-peptaidi kwa kutumia bayotini iliyofungwa kwenye kingamwili za kipimo, na bayotini inayoogelea katika damu ya mgonjwa hukalia nafasi hizo. Kwa kipimo cha aina hiyo, jibu hutoka dogo kuliko ukweli, na hakuna alama yoyote katika karatasi inayokujulisha.

Zuhura_K

Kichupa sikumbuki rangi yake, lakini najua damu ilipelekwa maabara nyingine kwa gari mchana. Na ndiyo, ninameza vidonge vya nywele vyenye bayotini miligramu 10 kila siku. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo hilo.

Hekima_Tele

Basi hapo ndipo ninaposimama. Ikiwa C-peptaidi halisi ni kubwa kuliko 1.2, hoja ya aina ya kwanza inazidi kudhoofika. Na kuhusu GAD, nimesoma kwamba kingamwili hizo hupatikana hata kwa watu wasio na kisukari chochote. Kwa nini kipimo kimoja kitutishe?

Dkt_Mlezi

Hoja ya GAD ni nzuri, na ninasikitika kwamba hata sisi madaktari huisahau. Maabara huweka kikomo cha chanya mahali ambapo watu wachache wenye afya, tuseme mmoja kati ya 100, watavuka. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wazima 1000 wenye sura kamili ya aina ya pili wanapimwa GAD wote, na kati yao 20 kweli wana ugonjwa wa kinga. Kipimo kikiwanasa 16 kati ya hao 20, na kikawapa chanya ya uongo watu 10 kati ya 980 waliobaki, tutakuwa na chanya 26, na zaidi ya theluthi yake ni za uongo. Ndiyo sababu sipendi kumpima GAD kila mtu. Ninampima yule ambaye kuna jambo lake lisiloingia katika picha ya aina ya pili.

Lakini chanya za uongo kwa kawaida huwa karibu na kikomo. Jibu la 7 au 9 katika maabara yenye kikomo cha 5 ningelirudia, tena kwa njia nyingine ya upimaji, na ningeongeza kingamwili za IA-2 na ZnT8, kwa sababu ni nadra mtu asiye na ugonjwa kuwa na mbili kwa pamoja. Jibu la 180 ni jambo jingine. Na Zuhura hakuchaguliwa kwa bahati nasibu: si mnene, anapungua uzito, vidonge vimeshindwa mapema, na ana ugonjwa wa thairoidi, ambao mara nyingi hutokana na kinga kushambulia tezi. Nasema hivyo nikijua pia kwamba wenye ugonjwa wa thairoidi wa namna hiyo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na GAD hata bila kisukari. Hata hivyo, yeye kisukari anacho, na kinakwenda kama kinavyokwenda.

Kuhusu hoja ya kwanza, hapana. C-peptaidi ikipanda hadi 500 au 600 katika mwaka wa pili haitafuta maana ya GAD ya 180. Itamaanisha tu kwamba akiba ni kubwa kidogo kuliko tulivyodhani. Kadhalika, GAD ikiwa hasi haifungi mjadala, kwani mtu mzima mmoja kati ya 10 hadi 20 wanaoanza aina ya kwanza hana kingamwili yoyote tunayoweza kupima.

Ushauri wangu: rudia C-peptaidi ukiwa umekula, ndani ya saa tano baada ya mlo, pamoja na glukosi ya wakati huo huo. Bayotini uiache siku chache kabla, angalau tatu kwa dozi yako hiyo. Omba kichupa cha EDTA, kama mashine ya maabara inakipokea. GAD haina haja ya kurudiwa, ila ZnT8 na IA-2 zinafaa kama zinapatikana.

Mama_Salha

Nimefuatilia kwa makini, nami nina la kwangu. Nina kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14, na miaka sita iliyopita nilianzishiwa insulini. Tangu hapo kadi yangu imeandikwa aina ya kwanza. Mwaka huu nimepimwa C-peptaidi baada ya kula, ikawa 1150 pmol/L, glukosi 9. Nikaambiwa huenda sindano ndizo zimeipandisha. Figo zangu pia zimeanza kuchoka. Mimi ni aina gani?

Dkt_Mlezi

Mama, heshima yako. Kutumia insulini hakubadilishi aina ya ugonjwa, na sindano haziwezi kupandisha C-peptaidi, kwa sababu hiyo niliyosema ya kwamba insulini ya kichupa haina C-peptaidi ndani yake. Zikifanya lolote, huishusha: sukari ikishuka sana, kongosho hupumzika na C-peptaidi hupungua. Ndiyo maana jibu dogo lililochukuliwa glukosi ikiwa chini ya 4 hurudiwa.

Jambo la kuangalia kwako ni figo, kwa kuwa ndizo zinazoiondoa C-peptaidi katika damu, na zikichoka hubaki nyingi zaidi. Kwa hiyo 1150 yako huenda imekuzwa. Hata hivyo, baada ya miaka 14, mtu wa aina ya kwanza kwa kawaida angekuwa chini ya 200, na figo zilizoanza tu kuchoka hazitoshi kuelezea umbali wote huo. Muulize daktari wako kwa nini kadi iliandikwa hivyo. Usiache sindano kwa sababu ya jibu hili, kwani uamuzi wa dawa unategemea pia kiwango cha figo.

Na mtu akikushauri upime kingamwili dhidi ya insulini yenyewe, mwambie muda wake umepita. Kwa anayejidunga, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya insulini ya sindano, na kipimo hakiwezi kuzitofautisha. Hufaa kabla ya kuanza sindano au katika wiki mbili hivi za mwanzo.

Zuhura_K

Narudi na majibu mapya. Niliacha vidonge vya nywele kwa wiki nzima, na damu ilichukuliwa kwenye kichupa cha zambarau, saa mbili baada ya kula. C-peptaidi ni 1.4 ng/mL na glukosi ni 13.6. IA-2 ni hasi. ZnT8 ni chanya, mara nne ya kikomo. Daktari wa kwanza bado anasema 1.4 iko ndani ya kiwango, na sasa ameniandikia dapagliflozini juu ya dawa za zamani. Sijaanza kuimeza.

Muuguzi_Zamu

Dada, umefanya vyema kutoianza. Dawa za kundi hilo hutoa sukari kwa njia ya mkojo, na kwa mtu ambaye insulini yake inapungua zinaweza kuleta ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi ya ketoni, hata glukosi ikiwa haionekani kuwa juu sana. Mgonjwa hutapika, anapumua kwa nguvu, sukari ni 12, na kila mtu anatafuta sababu nyingine kwa sababu 12 haitishi. Kwa kingamwili mbili na uzito unaoshuka, mrudie daktari wa pili kabla hujaigusa. Na ukipata kichefuchefu au pumzi ya kina isiyo ya kawaida, pimwa ketoni siku hiyo hiyo bila kusubiri miadi.

Dkt_Mlezi

Naungana na Muuguzi. Sasa tusome majibu. Pikomoli ni kama 463, na glukosi 13.6 ilikuwa inalisukuma kongosho vya kutosha. Iwapo ile 397 ya kwanza ilishushwa na bayotini au na safari ya gari hatutajua, kwa kuwa mara ile ulikuwa umefunga na mara hii umekula. Kwa vyovyote, kutoka mapumziko hadi baada ya mlo hakuna nyongeza ya maana. Kingamwili mbili, moja ikiwa juu sana, zinatosha kwangu: chanzo ni kinga, yaani hii ni aina ya kwanza inayokwenda polepole, ile ambayo wengi huiita LADA.

Kuhusu matibabu, jopo la kimataifa la mwaka 2020 liliwagawa wagonjwa wa namna hii kwa C-peptaidi. Walio chini ya 300 hutibiwa kama aina ya kwanza kwa insulini. Walio juu ya 700 huweza kufuata njia iliyo karibu na aina ya pili huku wakifuatiliwa. Wewe uko katikati, ambako jopo linaruhusu dawa nyingine, linapendekeza kuepuka kundi la glimepiridi, na linataka C-peptaidi irudiwe takriban kila miezi sita. Mimi binafsi, kwa HbA1c ya 9.4 na kilo saba zilizopotea, ningeanza insulini ya muda mrefu kwa dozi ndogo sasa.

Muuguzi_Zamu

Hapo, daktari, naona tofauti kidogo. Nimeona wenye C-peptaidi ya 400 na kitu waliotolewa glimepiridi, wakapewa kidonge cha kundi la sitagliptini pamoja na metformini, wakakaa vizuri mwaka au zaidi. Jopo halikulazimisha sindano katika eneo hilo.

Dkt_Mlezi

Halikulazimisha, ni kweli. Ningekubaliana nawe kama uzito ungekuwa umetulia. Mtu anayeendelea kukonda akiwa na glukosi ya 13 anaonyesha kwamba insulini aliyonayo haitoshi leo, hata kama C-peptaidi inasomeka 463. Lakini wapo wenzangu wanaoheshimika ambao wangeanza kwa njia yako, na sina ushahidi wa kuwafunga mdomo.

Hekima_Tele

Nimeelewa kuhusu GAD na ZnT8, na hapo nimekubali. Kinachonitatiza ni kwamba mwenye C-peptaidi 463 naye anaitwa aina ya kwanza sawa na asiye nayo kabisa. Inaonekana kwangu kama ugonjwa wa tatu.

Dkt_Mlezi

Hujakosea kuuliza, na hata wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema kundi hili ni mchanganyiko tu wa watu wa aina ya kwanza na wa aina ya pili waliopata chanya za uongo, na wapo wanaoliona kuwa kitu kimoja chenye sura yake. Kwa mwenye kingamwili moja iliyo karibu na kikomo, ningekaa na swali lako kwa muda mrefu. Kwa Zuhura sioni kwamba jina litabadilisha dawa.

Zuhura_K

Asanteni. Nimemwona daktari wa pili. Amesimamisha glimepiridi, amekataa dapagliflozini, na ameniachia nichague kati ya insulini ya usiku na kidonge cha lile kundi alilotaja Muuguzi, tukutane baada ya wiki tatu na vipimo vya sukari vya nyumbani. Ninaelekea kwenye insulini kwa sababu ya uzito, ingawa bado sijamjibu. C-peptaidi tutairudia baada ya miezi sita.

Fundi_Maabara

Ukirudia, nenda maabara ile ile, kichupa kile kile, na mlo unaofanana, saa ile ile baada ya kula. Mashine za watengenezaji tofauti hazikubaliani kikamilifu katika C-peptaidi, kwa hivyo kutoka 1.4 kwenye mashine moja hadi 1.2 kwenye nyingine huenda kusiwe kushuka hata kidogo. Na vidonge vya nywele uviache tena kabla ya kwenda.